Excel kuhesabu siku za kazi bila sikukuu: nilivyotatua

Hapa Kigoma naandaa likizo za wafanyakazi wa ghala kwa fomula ya NETWORKDAYS: tarehe ya kuanza iko safu ya A, ya kumaliza B, na orodha ya sikukuu iko F. Mistari ya juu ilitoa siku sahihi, ya chini ikazidisha. Kwa mfano, 14 Aprili hadi 2 Mei 2025 ilitoa 15 badala ya 12. Wikiendi zilikuwa zimetolewa, ila Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Mei Mosi zilihesabiwa kama siku za kazi.

Nilibadilisha muundo wa tarehe, nikaandika orodha ya sikukuu upya. Wapi!

Ndipo nikabofya mara mbili seli ya chini kabisa, nikaona fremu ya rangi imeanzia chini ya sikukuu zenyewe. Fomula ikinakiliwa, F2 huwa F3, kisha F4, na sikukuu za juu huachwa. Dawa ni alama ya dola:

```
=NETWORKDAYS(A2,B2,$F$2:$F$30)
```

Bonyeza kitufe cha F4 ukiwa umechagua F2:F30 ndani ya fomula, kisha nakili upya. Muungano, 26 Aprili, iliangukia Jumamosi, na haikupunguzwa mara mbili. Seli tupu hazidhuru, kwa hiyo nimeacha nafasi ya Idi, ambayo husubiri mwezi kuandama.