Siku Moja Maishani Mwangu: Baraza Moja, Asubuhi Hadi Usiku

Saa 11 na nusu alfajiri. Niliamka kabla ya jua, nikatoka nje ya nyumba ninayopanga hapa Sinza kwenda kuutazama mwembe wa uani. Mimi huchora mandhari ya nyuma ya filamu za katuni. Wenzangu huchora wahusika, nami huchora mahali wanapokaa. Tukio nililokabidhiwa lina sekunde 12: mtoto ameketi barazani akimsubiri baba yake tangu asubuhi hadi usiku. Kamera haisogei, baraza ni ileile na mwembe ni uleule, kwa hiyo saa zinazopita zinaweza kuonekana kwenye mwanga na vivuli tu.

Saa 1 asubuhi. Nilisimika fimbo ya mita 1 na kuanza kupima kivuli chake. Saa 1 kilikuwa karibu mita 4, saa 2 kikawa chini kidogo ya mita 2, na saa 3 kikazidi kidogo mita 1. Kivuli hakipungui kwa hatua zilizo sawa: hukimbia asubuhi, hutulia karibu na adhuhuri, kisha hukimbia tena jioni. Mchoraji anayekisogeza kwa mwendo mmoja hupata kivuli kinachofanana na mlango unaofungwa, na mtazamaji huhisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Saa 4. Nilichora baraza, ukuta, paa la bati jekundu na mwembe kwa rangi zake halisi, bila kivuli hata kimoja. Vivuli nilivipa tabaka lao peke yake. Nilijifunza hilo kwa uchungu mwaka jana, nilipochora picha tatu kamili za asubuhi, mchana na jioni, kisha nikaififisha moja huku nyingine ikijitokeza. Katikati ya mabadiliko mti mmoja ulikuwa na vivuli viwili hafifu, kimoja kushoto na kingine kulia, kana kwamba kuna majua mawili.

Saa 6 mchana. Tuko katika wiki ya pili ya Oktoba, ambapo jua la Dar es Salaam hupita karibu kabisa juu ya utosi, na kivuli cha mwembe kilikuwa kimejikusanya chini ya matawi yake. Picha yangu inatazama kaskazini, kwa hiyo kivuli kinaanzia kushoto, kinaingia chini ya mti, kisha kinatokea kulia, huku mzizi wake ukibaki palepale shinani.

Saa 8 mchana. Niligeukia usiku. Anayeanza kazi hii hufunika picha kwa weusi uliofifishwa, na matokeo yake huonekana kama wingu la mvua, kwa sababu rangi zote zimefifia kwa kiasi kilekile. Mimi huweka juu ya picha tabaka la buluu katika hali ya `Multiply`, ambayo huzidisha kila rangi kwa rangi ya tabaka na kugawanya kwa 255. Kila rangi huandikwa kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255; buluu yangu ni 70, 90, 150. Bati jekundu la 200, 60, 50 lilishuka hadi takriban 55, 21, 29, karibu na weusi, ilhali ndoo ya buluu ya 40, 90, 160 ilibaki 11, 32, 94 na bado inatambulika kuwa ya buluu. Nyekundu ikitangulia kuzama, jicho hukubali kwamba ni usiku.

Saa 12 jioni. Jirani yetu mama ntilie alikuwa akichagua mchele.

“Shikamoo, mama. Taa unaiwasha saa ngapi?”

“Marahaba, mwanangu. Saa siangalii. Nikishindwa kutofautisha mchele na mawe, nawasha.”

Jua lilizama muda mfupi baadaye, na baada ya takriban dakika 20 alinyanyuka kuwasha. Mbingu bado ilikuwa na mwanga, lakini chini ya paa lake palishaingia giza. Kumbe taa ya baraza nayo lazima itangulie giza la mbingu. Zikibadilika pamoja, mchoro unakuwa kama chumba ambacho mtu amebonyeza swichi.

Saa 3 usiku. Kulikuwa na tatizo la hesabu. Saa 13 zikibanwa katika sekunde 12, zile dakika 20 za machweo hupata kama theluthi moja ya sekunde, yaani fremu 7 au 8 kati ya 24 za kila sekunde, na jicho haliwezi kuyafurahia. Nikaipa asubuhi sekunde 4, adhuhuri sekunde 2, alasiri sekunde 2, na sekunde 4 zote zilizosalia nikaziachia machweo na usiku. Hesabu ya jua nimeivunja makusudi, kwa kuwa mtoto anaposubiri, jioni ndiyo humchelewea. Mwongozaji alipolitazama tukio kwa simu aliomba jambo moja tu: taa ya baraza iwake nusu sekunde mapema zaidi. Nikaisogeza fremu 12 nyuma, nikahifadhi faili.