Mbio niliyoifuta kwa kalamu

Jioni hiyo nilikuwa na karatasi yenye mbio tatu, zote za miezi miwili, na nilikuwa nimeshaamua kukimbia zote. Ya kwanza ilikuwa nusu marathoni kubwa yenye zawadi nono. Ya pili ilikuwa nusu marathoni ndogo iliyofuata siku saba baadaye, na ya tatu ilikuwa marathoni kamili, wiki nne baada ya hiyo ndogo. Kocha wangu aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: mbio ile kubwa inalipa hadi nafasi ya ngapi?

Ilikuwa inalipa watatu tu. Nilikuwa nikifanya kazi asubuhi na mazoezi jioni, bila mdhamini, kwa hiyo nauli na malazi nilijilipia mwenyewe; kwa sababu hiyo tulikubaliana kuipima kila zawadi kwa gharama ya safari moja ya kwenda na kurudi kwenye mbio ile kubwa. Mshindi wake angepata thamani ya safari thelathini, na wa tatu safari nane. Wa nne angerudi mikono mitupu. Ile ndogo ilimpa mshindi safari sita, wa pili nne, wa tatu tatu, na ilishuka hivyo polepole hadi wa kumi, ambaye bado alipata nusu safari. Tena kufika huko kulinigharimu theluthi tu ya safari ile ndefu.

Tukatafuta matokeo ya miaka mitatu iliyotangulia. Kocha hakujali washindi walikimbia kwa muda gani. Alitaka muda wa mtu wa mwisho kulipwa. Katika mbio kubwa mtu huyo, yaani wa tatu, alikuwa amemaliza kwa dakika 62 na sekunde 20, kisha 61 na 58, kisha 62 na 41. Muda wangu bora ulikuwa dakika 64 na sekunde 12. Hata ningelinganishwa na yule wa polepole kuliko wote, nilipungukiwa na sekunde 91, ambazo zikigawanywa katika kilomita 21 ni zaidi ya sekunde nne kwa kila kilomita, pengo ambalo mkimbiaji halifuti kwa kujitutumua siku ya mbio. Katika mbio ndogo, muda kama wangu ulikuwa umewapa watu nafasi ya pili au ya tatu.

Nilibisha. Nilisema huenda mwaka ule wakali wangekuwa wachache. Kocha akanionyesha kuwa zawadi zilikuwa zimeongezwa, na zawadi ikiongezwa, wakali huongezeka pia, kwa hiyo matokeo ya zamani yalikuwa yakinipa matumaini kuliko ilivyostahili.

«Mwanangu,» akasema, «hapo unalipa nauli ili ukawe wa kumi.»

Kilichonilainisha, hata hivyo, kilikuwa miguu yangu. Nusu marathoni inayokimbiwa kwa nguvu zote juu ya lami huacha misuli ya mapaja ikiwa na majeraha madogo madogo, na kwangu mimi maumivu ya kushuka ngazi yalikuwa yakiisha siku ya nne au ya tano, huku mapigo ya moyo ya asubuhi yakikawia kurudi chini. Ongeza saa kumi na sita za basi kwenda na nyingine kumi na sita kurudi, nimekaa magoti yamekunjwa, nikifika nyumbani Jumanne kwa ajili ya mbio ya Jumapili. Nilichukua kalamu nikaifuta ile ya kwanza, nami nakiri kwamba iliniuma.

Jumapili ya mbio ile kubwa, wa tatu alimaliza kwa dakika 61 na sekunde 47. Wiki iliyofuata, kwenye kilomita ya 17 ya mbio ndogo, nilimpita mkimbiaji aliyekuwa amemaliza wa tano katika ile kubwa. Alikuwa mwepesi kuliko mimi kwa kila kipimo, lakini hatua zake zilikuwa zimefupika na mabega yamepanda. Nilimaliza wa tatu, kwa dakika 64 na sekunde 31.

Zawadi hiyo haikuja upesi. Waandaaji walisubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizokatazwa kabla ya kulipa mtu yeyote, na fedha ziliingia wiki ya kumi na moja, marathoni ikiwa imeshapita. Kama ningekuwa nimeitumia nauli ya ile safari ndefu, nisingekuwa na njia ya kufika kwenye marathoni. Kocha alikuwa ameniambia niiweke kando usiku uleule nilipoifuta ile mbio, na ndiyo niliyokatia tiketi, siku mbili mapema, ili nilale usiku mmoja wa ziada kabla ya kukimbia.