Kabla mwimbaji hajashika maiki

Hafla ni Jumamosi, Ngome Kongwe, baada ya sala ya Isha. Tunachangia vyoo na tangi la maji la skuli moja huko Micheweni, na yote yatarushwa mubashara YouTube. Maneno ya mshereheshaji nimeshayaandika karibu yote. Uliobaki ni ukurasa wa kuingilia taarabu na kutokea, na huo ndio umenila jioni nzima.

Tatizo ni kutunza. Mwimbaji akifika pale panapomgusa mtu, mtu hukaa kitini? Bibi atainuka na noti yake, atajongea kwa madaha, atatunza, atarudi. Harusini hiyo ni raha na fedha ni za wenye ngoma, hakuna anayeuliza. Kwenye changizo ni jambo jengine. Noti ile haikupita kwa mshika fedha wala haina stakabadhi, na anayetazama kutoka Maskati anaona fedha zinamiminika jukwaani huku jumla kwenye skrini imeganda palepale. Akianza kuuliza kwenye maoni, sitamlaumu.

Wimbo ukishaanza huwezi tena kusema kitu, utamvunjia mtu heshima mbele ya kadamnasi. Kwa hiyo nimempigia kiongozi wa kikundi kwanza. Posho yao tumeshapatana, na tuzo za usiku huo wameridhia ziende skuli. Ndipo nikaandika:

"Mabibi na mabwana, mtunzeni mwimbaji wetu kama mlivyozoea, ila tuzo ya leo piteni nayo kwenye sanduku la kijani mbele ya jukwaa. Wenyewe wenye ngoma wameitoa kwa watoto wa Micheweni. Nawe uliye mbali, sanduku lako ni namba iliyo chini ya skrini. Kabla hujaweka namba ya siri, simu itakuonesha jina la kamati ya skuli. Ukiona jina jengine, usitume."

Sentensi mbili za mwisho sikubali zikatwe, hata muda ukibana. Matangazo ya namna hii huvutia matapeli, mtu akabandika namba yake kwenye maoni kana kwamba ndiyo yetu.

Kutoka kwenye taarabu kuna kazi nyengine. Ganuni, fidla na viti vya wapigaji viondoke, vijana wa kasida wapange maiki zao. Fundi wa sauti anaomba dakika nne. Fundi wa mitambo naye anasema picha inamfikia mtazamaji ikiwa imechelewa kama nusu dakika. Ongeza muda wa mtu kutafuta simu, kufungua menyu, kuandika namba, kiasi, namba ya siri. Mshereheshaji akiomba kisha akashukuru papo hapo, anayetaka kuchangia kutoka mbali hata ombi halijamfikia. Ule mchezo wa "nahesabu mpaka kumi, nani ananyanyua mkono" unawafaa waliomo Ngomeni tu.

Basi nimeanza na ombi, na ombi lenyewe ni kitu kimoja: tangi. Halafu namba inasomwa polepole, mara mbili. Baada ya hapo ndiyo shukrani za waliotoa mapema, ambazo zinakula dakika mbili nzuri huku wa mbali wakihangaika na simu zao. Namba tena. Mwisho karatasi mpya kutoka kwa mshika fedha, na hapo jina la aliyetuma baada ya ombi linaweza kweli kuwemo.

Karatasi hizo ni za rangi mbili, njano kwa taslimu na nyeupe kwa ahadi, ili jicho lisikosee jukwaani. Ya njano inasomwa "ametoa", nyeupe "ameahidi". Mtu akitoa laki tatu na kuahidi milioni mbili, ana karatasi mbili, na hasikiki ametoa milioni mbili na laki tatu. Jumla nazo zinatajwa mbili, zilizomo mkononi na zilizoahidiwa. Mjumbe mmoja wa kamati alitaka zijumlishwe ili tarakimu ipendeze. Nimekataa, maana hiyo ndiyo tarakimu watakayotudai wenyeji wa Micheweni.

Yupo pia aliyeomba asitajwe. Nimemwandikia "yuko aliyetoa, na jina lake ameliacha kwa Mola wake", bila kiasi. Mji huu mdogo, kiasi peke yake humtaja mtu.

Majina mengine bado nasubiri vyeo vyake: nani Maalim, nani Sheikh, nani anapenda Bi tu. Kamati wameahidi kuleta kesho asubuhi. Wamenijulisha pia kwamba sanduku lenyewe fundi hajalipaka rangi, kwa hiyo "la kijani" nimelifuta.