Kisikizio cha kulia kiliingia mitini

Jana nimeshuka daladala Kimara, nafika nyumbani, sikio la kulia tupu. Nikajua kisikizio kimebaki kwenye siti.

Nikafungua Find My, programu ya kutafuta vifaa vilivyopotea, kwenye simu. Ramani ikaonyesha kilionekana mara ya mwisho saa 1:10 jioni, hapa hapa nyumbani. Maana yake nilishuka nacho. Ila ramani haijui sebule wala chumba, na hiyo alama ni mahali simu ilipokuwa inakiona kwa mara ya mwisho. Kingebebwa baada ya hapo, nisingejua.

Nikabonyeza Play Sound. Kimya. Nikazima feni, nikakinyamazisha cha kushoto ili kisinichanganye, nikaanza kuzunguka na simu mkononi, kwa sababu mlio hautoki mpaka blututhi ikikamate. Mlangoni mwa chumba simu ikaunganishwa. Nikasikia kitu kama kifaranga kinalia kwa mbali, sauti ikipanda taratibu. Nimeinua mito, nimepiga magoti chini ya kitanda (nimekuta soksi ya mwaka jana), kumbe kiko kwenye mfuko wa suruali ndani ya tenga la nguo chafu! Nguo zilikuwa zimeufunika mlio.

Ningeacha hadi leo, betri yake ndogo ingeshaisha, hapo hakuna mlio, unabaki na alama ya jana tu. Na mke wangu alikuwa ameshajaza beseni maji ya kufulia.