Kumbukumbu ya mradi wangu: kingo za kivuli cha nguzo

Programu ninayoiandika inachora sakafu inayotazamwa kutoka juu, ikiwa na taa moja na nguzo kadhaa za duara. Taa ni nukta P. Nguzo ni duara lenye kitovu C na nusu kipenyo r. Taa ikisogezwa kwa kipanya, vivuli vinatakiwa kugeuka nayo papo hapo.

Kivuli cha ukuta ulionyooka si kazi, kwa sababu kingo zake hupita kwenye ncha za ukuta. Duara halina ncha. Mwale wa mwisho kuponyoka ni ule unaoligusa duara kwenye nukta moja bila kulikata, yaani tanjenti, na kutoka nukta iliyo nje ya duara tanjenti huwa mbili. Kwa hiyo mradi mzima umesimama juu ya swali moja: nikipewa P, C na r, tanjenti hizo mbili zinaelekea wapi?

Njia ya mteremko, na kwa nini nimeiweka kando

Nilianza na tuliyofundishwa darasani: andika mstari unaopita P wenye mteremko m, kisha dai kwamba umbali wake kutoka kitovu uwe r. Unapata mlinganyo wa kipeo cha pili wa m, na majibu yake mawili ndiyo tanjenti zako.

Nikaujaribu kwa C = (2, 1), r = 5 na P = (7, 13). Mlinganyo ukawa hivi:

25m² − 120m + 144 = 25 + 25m²

Tazama pande zote mbili: 25m² inajifuta. Kinabaki 120m = 119, jibu moja tu, m = 119/120. Tanjenti ya pili haijatoweka. Ni mstari x = 7, unaosimama wima, na mstari wa wima hauna mteremko wa kuandikwa kwa namba. Mbaya zaidi ni jirani zake: taa ikisogea kidogo tu kutoka hapo, m ya pili inakuwa namba kubwa mno, na taa ikivuka upande wa pili inageuka ghafla kuwa hasi. Kwenye skrini, taa inayosogea taratibu lazima ipite hapo. Ningeweza kuongeza sharti la kushughulikia mistari ya wima, lakini sipendi kuwa na sharti kwa jambo ambalo halina upekee wowote katika umbo lenyewe. Ukigeuza karatasi kidogo, wima umekwisha.

Pembetatu iliyojificha ndani ya mchoro

Iite T nukta ambapo tanjenti inagusa duara. Nusu kipenyo CT hukutana na tanjenti kwa pembe mraba, kwa hiyo C, T na P ni pembetatu yenye pembe mraba pale T. Upande CT ni r. Upande mrefu CP ni D, umbali wa taa kutoka kitovu. Uliobaki, PT, tuuite L, na kwa kanuni ya Pithagorasi L² = D² − r². Urefu wa pande zote tatu unajulikana kabla hatujajua T iko wapi.

Sasa vekta. Andika d = P − C, na e iwe d iliyozungushwa nyuzi 90: kama d ni (x, y), basi e ni (−y, x). Vekta hizi mbili zina urefu sawa, D, na zinafanya pembe mraba. Nukta yoyote ya sakafu inafikika kutoka C kwa kwenda kiasi fulani kwa d na kiasi fulani kwa e, hivyo T − C = a·d + b·e. Kazi ni kuzipata a na b.

Ili kupata a, angusha mstari kutoka T hadi CP, ukutane nao kwa pembe mraba. Mstari huo unaigawa pembetatu kuwa mbili ndogo zinazofanana na ile kubwa, na kutokana na mfanano huo, umbali kutoka C hadi pale ulipoangukia ni r²/D. Kwa kuwa d ina urefu D, a = r²/D². Kimo cha mstari wenyewe, kwa mfanano uleule, ni rL/D, kwa hiyo b = rL/D². Alama ya b ikiwa jumlisho unapata tanjenti ya upande mmoja, ikiwa toa unapata ya pili. Hakuna pembe iliyopimwa wala jedwali la saini na kosini. Kipeuo cha pili kimetumika mara moja tu, kwenye L.

Turudi kwa mfano uliotusumbua. d = (5, 12), hivyo D = 13 na L = 12. Kisha a = 25/169, b = 60/169, na e = (−12, 5). Kwa alama ya toa:

T − C = (25/169)(5, 12) − (60/169)(−12, 5) = (845/169, 0) = (5, 0)

T ni (7, 1), iliyo chini ya P kabisa kwenye x = 7. Ndiyo tanjenti ya wima iliyotuponyoka, na hapa imekuja kama nyingine yoyote. Kwa alama ya jumlisho T − C = (−595/169, 600/169), kwa hiyo T ni karibu (−1.521, 4.550).

Usitoe T kwa P: uelekeo unapatikana moja kwa moja

Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kivuli kinahitaji uelekeo wa mwale, na wazo la kwanza ni kukokotoa T, kutoa P, kisha kugawa kwa urefu. Hilo linafanya kazi mpaka taa ikaribie nguzo. Hapo T na P zinasogeleana, unatoa namba mbili zinazokaribia kulingana, na tarakimu nyingi zenye maana zinapotea. Taa ikigusa nguzo, T na P ni nukta moja na unagawa sifuri kwa sifuri. Dalili yake inaonekana wazi: ukingo wa kivuli unatetemeka taa inapokaribia, kisha unapotea.

Lakini fanya ule utoaji kwa herufi kabla ya kuweka namba:

T − P = (a − 1)·d ± b·e = (L/D²)(−L·d ± r·e)

L imetoka nje ya mabano. Kilicho ndani ya mabano kina urefu D² kamili, kwa sababu L² + r² = D². Kwa hiyo vekta ya uelekeo yenye urefu 1 ni

s = (−L·d ± r·e) / D²

Tunagawa kwa D² peke yake, na D haiwezi kuwa sifuri taa ikiwa nje ya nguzo. Taa ikigusa nguzo, L ni 0 na s inabaki ±e/D, uelekeo sahihi wa mwale unaopita kando ya duara. Kwa mfano wetu, alama ya toa inatoa s = (0, −1), na jumlisho inatoa (−120/169, −119/169), ambayo ina ule mteremko wa 119/120. T nayo ni P + L·s.

```python
from math import sqrt

def miale(px, py, cx, cy, r):
    dx, dy = px - cx, py - cy
    q = dx*dx + dy*dy
    if q < r*r:
        return None
    L = sqrt(q - r*r)
    s1 = ((-L*dx - r*dy)/q, (-L*dy + r*dx)/q)
    s2 = ((-L*dx + r*dy)/q, (-L*dy - r*dx)/q)
    return L, s1, s2
```

Jina `q` ni D². Sharti lililobaki lina maana halisi: taa ikiwa ndani ya nguzo hakuna tanjenti, na L² ingekuwa hasi.

Kipimo ninachokitumia kukagua ni umbali wa C kutoka kwenye mwale, yaani thamani kamili ya dx·sy − dy·sx. Lazima iwe r. Kwa mwale wa kwanza hapo juu: 5 × (−1) − 12 × 0 = −5, sawa. Kwa wa pili: (−595 + 1440)/169 = 5, sawa. Ni kipimo kizuri kuliko kukagua kwamba T iko kwenye duara, kwa kuwa hakipofuki hata L ikiwa 0.

Aina ya namba

Ukitumia desimali za biti 32 na nguzo yenye r = 1000, r² ni 1,000,000, na karibu na hapo namba za biti 32 zinaachana kwa 0.0625. L² basi haiwezi kuwa ndogo kuliko hiyo ila sifuri, kwa hiyo taa inapoondoka kwenye ukuta wa nguzo L inaruka kutoka 0 hadi 0.25. Uelekeo unageuka kwa 0.25/1000, ambayo kwa mwale wa urefu 4000 ni pikseli moja. Kwa picha nisingejali. Biti 64, ambazo Python huzitumia yenyewe, zinaondoa hata hiyo.

Kivuli kinachokatika

Umbo la kivuli nililichora kwa nukta nne: T mbili, na nukta mbili za mbali, P + k·s, k ikiwa kubwa kuliko skrini. Taa ikiwa mbali, picha ni safi. Ikisogezwa karibu na nguzo, kivuli kinaishia katikati ya sakafu kwa ukingo ulionyooka, kana kwamba kuna taa nyingine nyuma.

Pembetatu ileile inaeleza sababu. Mstari unaounganisha nukta mbili za mbali uko umbali wa k·L/D kutoka kwa taa. Kwa D = 13 na r = 5, L/D ni 0.92, hakuna anayeona tofauti. Kwa D = 5.1, L ni 1.005 na L/D ni 0.197: ukiweka k = 1000, kivuli kinakatwa kwenye 197. Kuongeza k hakutoshi, maana L inaelekea sifuri.

Dawa ni nukta ya tano katikati, P − k·d/D, nyuma ya nguzo moja kwa moja. Pembe kati ya miale miwili haizidi nyuzi 180, kwa hiyo kila nusu haizidi 90, na ukingo wa mbali haukaribii taa kuliko 0.707k. Nimeweka k kuwa mara 1.5 ya ulalo wa skrini. Kivuli huchorwa kwanza na nguzo juu yake, hivyo mstari kati ya T mbili haumsumbui mtu.

Inayofuata: taa yenye upana

Taa halisi si nukta, na ukingo wa kivuli chake hufifia. Ipe taa nusu kipenyo m. Mstari unaogusa taa na nguzo kwa pamoja, ukiusogeza sambamba kwa m, unapita kitovu cha taa na kubaki umbali wa r − m au r + m kutoka C. Kwa hiyo `miale` inaitwa mara mbili bila kubadilishwa: kwa r − m inatoa kingo za kiza kamili, kwa r + m inatoa kingo za eneo linalofifia, kisha kila mwale unarudishwa pembeni kwa m. Kwa mfano wetu wenye m = 1, L ya kwanza ni √153, kama 12.37, na ya pili √133, kama 11.53. Kilichobaki kuamua ni jinsi mwanga utakavyopungua kati ya kingo hizo.