Sekunde mia mbili na kumi

Fomu za maoni zilirudi zote zikiwa na sifa. Watumishi 22 wa zahanati na vituo vya afya, waliokuja kwenye kikao cha robo mwaka, walikuwa wametazama ukutani dashibodi yetu ya chanjo, ukurasa wa kompyuta wenye ramani na chati za vituo, mimi nikiwa nimeshika kompyuta. Kisha niliwagawia karatasi: unaionaje, itakusaidia? Inapendeza, waliandika. Itatusaidia sana. Zilikuwa zimebaki wiki mbili tuisambaze wilaya nzima, na jioni ile nililala nikiwa na furaha.

Mratibu wa chanjo wa wilaya ndiye aliyenizuia. "Mdogo wangu, hawa wamekuona wewe ukibonyeza. Wape wao kompyuta, halafu wewe unyamaze."

Tukachagua watu sita. Swali la kwanza niliandika hivi: onesha kiwango cha kuacha chanjo kati ya Penta 1 na Penta 3, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya Penta. Mratibu akalikata kwa kalamu nyekundu. Maneno yaleyale yalikuwa juu ya chati, akasema, kwa hiyo mtu angeyatafuta kwa macho tu na sisi tungedhani ameelewa. Akaandika lake: "Kesho una gari kwa siku moja. Utakwenda kituo kipi kufuatilia watoto walioanza chanjo wasimalize?" Nilijiwekea sekunde 30. Atakayezidi hapo, kasoro ni ya dashibodi.

Wa kwanza alikuwa muuguzi mfawidhi wa zahanati moja ya mlimani, mama wa miaka hamsini na kitu. Nilimwamkia, nikamwomba aseme kwa sauti kila anachokiwaza, nikabonyeza saa ya simu. Akavaa miwani. Akaanzia kwenye ramani, kwa sababu ndiyo kubwa na ina rangi. Akarudi kwenye chati ya nguzo, ambayo nilikuwa nimepanga vituo kwa alfabeti, akawa anapitisha kidole kwenye kioo, nguzo moja baada ya nyingine, akinong'ona asilimia ili asizisahau. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia. Kumwona mtu anapita mbele ya jibu nawe huruhusiwi kumwambia "hapo hapo, mama" ni kazi ngumu kuliko kuandika programu yenyewe.

Sekunde 210 zilipotimia alitaja zahanati ambako asilimia 25 ya watoto hawakumaliza. Kwa hesabu yangu alikuwa amepatia. Lakini akaongeza, "Ila mwanangu, kwa gari la siku moja mimi siendi huko."

Alikuwa amegusa nguzo na namba zikajitokeza. Zahanati ile iliandikisha watoto 8 wa Penta 1, na Penta 3 wakawa 6. Pengo la watoto wawili. Kituo cha afya cha mjini kilikuwa na asilimia 20 tu, lakini ni 120 kwa 96. Pengo la watoto 24. Swali letu lilikuwa na majibu mawili, na dashibodi ilionesha moja tu, lile lisilofaa kwa mwenye gari.

Mtu wa nne alitufichulia jambo baya zaidi. Aliombwa ataje kituo kinachofanya vizuri kuliko vyote, akajibu ndani ya sekunde 9, akionesha kijani iliyokolea. Kisha akanyamaza. "Hawa si walifunga tangu muuguzi wao aende likizo ya uzazi?" Kweli. Hawakuleta ripoti hata moja robo ile. Mimi mwenyewe niliandika hesabu inayogeuza pengo la data kuwa sifuri, na sifuri, kana kwamba hakuna mtoto aliyeacha, ikapakwa kijani. Katika watu 22 waliotusifu, hakuna aliyeiona, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta jibu.

Tukasogeza tarehe mbele. Nguzo nikazipanga kwa idadi ya watoto wasiomaliza, wengi juu, asilimia ikakaa pembeni kwa maandishi madogo. Asiyeleta ripoti akawa wa kijivu, na neno "Hakuna ripoti" juu yake. Ramani ikashuka chini kabisa. Niliipenda sana, lakini haikumsaidia hata mmoja wa wale sita.

Duru ya pili tuliwaita watano wapya, maana wale wa kwanza walishajua njia. Wanne walipata jibu chini ya sekunde 30. Wa tano alipata kwa 18, akaendelea kubonyeza ile nguzo, mara ya pili, mara ya tatu.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Majina. Nikifika pale nimuulizie nani?"

Dashibodi ilikuwa na jumla za mwezi tu. Majina yamo kwenye rejista ya kituo, kwa kalamu. Jioni hiyo niliongeza mstari mmoja chini ya chati, unaosema hivyo, na tarehe mpya ya kuisambaza tukaipanga asubuhi iliyofuata.