Nilivyofanikiwa kusoma boksi ploti za makundi sita kwa mpigo, kwa kutumia vifaranga 71

Boksi ploti moja ikiwa peke yake haisumbui mtu, kazi inaanza pale zinapopangwa sita kwenye grafu moja afu mtu anakuuliza "haya, hapa nani kashinda?" Mimi kilichonisaidia ni data moja inayokuja ndani ya R yenyewe, inaitwa `chickwts`, huhitaji kuidaunlodi popote. Ni vifaranga 71 waliogawanywa kwa bahati nasibu tangu wametotolewa, makundi sita, kila kundi likapewa chakula chake cha nyongeza, baada ya wiki sita wakapimwa uzito kwa gramu. Unaichora hivi:

```r
boxplot(weight ~ feed, data = chickwts)
```

Yakaja maboksi sita na mengine hayana ubishi kabisa. Kundi la `horsebean` boksi lake lipo chini kule, kifaranga wake mzito kuliko wote ana gramu 227 tu, wakati boksi la alizeti linaanzia 307.5. Hapo huhitaji kufikiri sana. Kilichonikalisha ni makundi mawili ya juu, alizeti (`sunflower`) na kaseini (`casein`), kwa sababu yana vifaranga 12 kila moja na yanakaribiana, ila maboksi yake hayafanani hata kidogo: la alizeti fupi sana na lina vidoti vitatu vinaelea, la kaseini refu na halina kidoti hata kimoja.

Nikaamua kuachana na grafu kwanza, nikachukua karatasi nikawapanga wale 12 wa alizeti kuanzia mwepesi mpaka mzito: 226, 295, 297, 318, 320, 322, 334, 339, 340, 341, 392, 423. Uzuri wa namba 12 ni kwamba inagawanyika kwa nne bila mabaki, kila robo ina vifaranga watatu. Mediani, ule mstari mnene ndani ya boksi, inaangukia kati ya wa sita na wa saba, yaani kati ya 322 na 334, unapata 328. Chini ya boksi ni kati ya wa tatu na wa nne, 307.5. Juu ya boksi kati ya wa tisa na wa kumi, 340.5. Kwa hiyo ndani ya boksi lote kuna vifaranga sita na nje sita, watatu chini watatu juu, na hii ndo ilinifungua macho kabisa, kwamba kila kipande cha boksi kina idadi ileile ya vifaranga, kipande kikiwa kirefu maana yake wametawanyika, sio kwamba wapo wengi. Ukiangalia boksi la kaseini, kuanzia chini yake (271.5) mpaka mediani (342) ni eneo kubwa, kutoka mediani mpaka juu (373.5) ni padogo, lakini kote kuna watatu watatu.

Sasa masharubu, ile mistari inayotoka juu na chini ya boksi. Hapa watu wengi tunafundishwa kwamba sharubu linaenda mpaka namba kubwa kabisa na ndogo kabisa, ila R na softwea nyingi zinafuata kanuni ya John Tukey: unachukua urefu wa boksi, unazidisha kwa 1.5, hicho ndicho kipimo cha juu kabisa sharubu linachoruhusiwa kutoka nje ya boksi, na lenyewe linaishia kwa kifaranga halisi wa mwisho aliye ndani ya kipimo. Aliyevuka anachorwa kidoti. Boksi la alizeti lina urefu wa 33, mara 1.5 ni 49.5, kwa hiyo mpaka wa juu ni 390 na wa chini 258. Kifaranga wa 392 kavuka kwa gramu mbili tu, kawa kidoti. 423 naye kidoti, 226 naye kidoti. Anayebaki juu ni 341, basi sharubu la juu linatoka 340.5 linaishia 341, nusu gramu! Kwenye skrini halionekani hata, limegandana na boksi. Mtu akisoma haraka atasema vifaranga wa alizeti wanaishia 341, kumbe wale wazito wawili wapo juu kule kwenye vidoti na nao wamekula chakula kilekile.

Afu nikafanya hesabu hiyohiyo kwa kaseini. Boksi lake lina urefu wa 102, mara 1.5 ni 153, mpaka wa chini unashuka hadi 118.5. Kaseini ina kifaranga wa 216 na mwingine wa 222, wote wepesi kuliko yule wa 226 wa alizeti, lakini wao hawana kidoti, wamemezwa na sharubu. Na juu ina kifaranga wa 404, mzito kuliko 392 wa alizeti, naye hana kidoti. Nilipoliona hili nikaelewa kidoti kinasema nini hasa: huyu yuko mbali na wenzake wa kundi lake, basi. Hakisemi kapimwa vibaya, hakisemi afutwe, na hakimlinganishi na kundi la jirani. Ndo maana alizeti ina vidoti vitatu, ni kwa sababu wenzao wamebanana sana. Kuwafuta wale watatu ili grafu ipendeze ungekuwa umewatoa wazito wawili wa juu kabisa wa alizeti bila sababu yoyote.

Mwenzangu mmoja tunayefanya naye kazi za data akaniuliza, "sasa kaka, kaseini si ndo imeshinda, mediani yake si iko juu?" Kweli iko juu, 342 kwa 328. Ila ukikokotoa wastani wa kawaida inageuka, alizeti 328.9 na kaseini 323.6, kwa sababu wale wepesi wa kaseini wanauvuta wastani wake chini wakati mediani haiwajali sana. Nikamwambia tofauti ya gramu 14 kwenye mediani, kwa vifaranga 12 kila upande, na boksi la kaseini lenyewe lina urefu wa 102, hiyo haitoshi kutangaza mshindi. Kinachoonekana wazi zaidi ni mtawanyiko: wa alizeti wengi wao wanafika karibu na 300 na kitu, wa kaseini wengine wanapaa wengine wanabaki nyuma. Kama mfugaji anataka kuku wanaolingana uzito, mimi ningemwonesha boksi la alizeti.

Kitu kingine ninachofanya siku hizi kila makundi yakiwa madogo hivi, naweka nukta za kila kifaranga juu ya maboksi, amri moja tu:

```r
stripchart(weight ~ feed, data = chickwts, vertical = TRUE,
           method = "jitter", add = TRUE, pch = 16)
```

Hapo boksi haliwezi kukuficha kitu, kwa mfano kwa kaseini unaona kabisa wanne wako chini ya 300 afu kuna pengo mpaka 318. Wale waliochorwa vidoti wataonekana mara mbili, usishtuke.

Na ukitumia `summary()` kwa alizeti itakupa robo ya kwanza 312.8 badala ya 307.5, sio kosa, njia za kukokotoa robo ziko kadhaa na `boxplot()` inatumia nyingine. Ukitaka namba zilezile zilizochorwa ita `boxplot.stats()`, na unapolinganisha grafu yako na ya mtu aliyetumia softwea tofauti muulize kwanza masharubu yake yanaishia wapi.